Dada, mfamasia au MC: kepsheni za bodi bata yako ziongee kwa sauti ya nani?

Mteja wetu mmoja wa Kyela alituandikia inboksi siku moja, hata salamu hakumaliza, akauliza: "Samahani, hii peji ni ya mtu mmoja au mmepangisha vyumba?" Nikacheka, afu nikaenda kuipitia peji yetu mwenyewe kama mgeni na kicheko kikaisha hapo hapo. Jumatatu kuna kepsheni inaongea kama daktari wa zamu, Jumatano kuna mtu anaita watu "mamiii", Ijumaa kuna kelele za herufi kubwa kama kuna harusi. Biashara ni ile ile, kopo ni lile lile, bodi bata ya siagi ya shea na mafuta ya parachichi ya Rungwe tunayotengenezea hapa Uyole, gramu 100 kwa elfu nane wakati ule. Ila wauzaji walionekana watatu, na kweli tulikuwa watatu, mimi, mdogo wangu, na kijana tuliyekuwa tunamlipa atupostie siku za soko.

Sasa wengi wakiambiwa "tafuta sauti ya brandi yako" wanaandika kwenye daftari maneno kama "rafiki, ya kisasa, ya kuaminika" na wanaona kazi imeisha. Hayo maneno hayakusaidii kitu saa mbili usiku ukiwa umechoka na unatakiwa kuandika kepsheni, maana kila mtu anajiona rafiki na wa kuaminika, hata yule anayeuza mkorogo. Kinachosaidia ni kumjua mtu. Yaani kepsheni zako zikisomwa kwa sauti, anayeongea ni nani? Kwenye peji za skinkea za huku nyanda za juu, Mbeya mpaka Njombe na Iringa, mi nawaona watu watatu wakijirudia sana, na hao ndo ntawaweka bega kwa bega hapa.

Wa kwanza ni Dada. Anaongea kama dada yako mkubwa amekaa jikoni anakuona miguu imepauka, hakufichi lakini hakudharau, anakwambia fanya hivi. Wa pili ni Mfamasia, mtu wa duka la dawa, koti jeupe, sentensi fupi, anataja kiasi na mara ngapi kwa siku, hana stori. Wa tatu ni MC, yule wa sendofu kabisa, anataka ukumbi uamke, kila kitu ni shangwe na "wahi kabla haujaisha".

Haya tuwape kazi ile ile. Mwezi wa sita, baridi imeshika, tunataka kuuza kopo. Dada ataandika:

"Baridi ya Uyole imeanza kutoa magamba kwenye miguu ya watu jamani. Ukitoka kuoga usijikaushe mpaka mwisho, pakaa bodi bata ngozi ikiwa bado na unyevu, afu vaa soksi ulale. Kopo gramu 100, elfu 8."

Mfamasia:

"Ngozi kavu wakati wa baridi: siagi ya shea na mafuta ya parachichi hupunguza upotevu wa unyevu kwenye ngozi. Paka kiasi kidogo mara 2 kwa siku, mara baada ya kuoga. Haina manukato. Gramu 100, Sh 8,000."

MC:

"Mbeyaaa mpooo?! Baridi imekuja ila SISI NDO KOTI LA NGOZI YAKO!! Elfu 8 tu unateleza kama samaki wa Kyela!! Wahiii mzigo unakatika!!"

Ukiniuliza ipi nzuri kati ya hizo tatu, zote zinauza. Ya MC ndo itapata komenti nyingi, watu wa huku wanapenda utani na hilo la samaki wa Kyela litazunguka kwenye magrupu. Na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanachagua sauti kwa kuangalia kepsheni ya siku nzuri, siku ya kuzindua mzigo, siku picha ni kali. Siku nzuri kila sauti inapendeza. We ipime kwenye siku mbaya.

Siku mbaya ya kwanza, ya kati tu, ni bei kupanda. Kopo linatoka elfu 8 linaenda elfu 9 na mia tano. Mfamasia hapa yuko nyumbani kwake: "Taarifa ya bei: kuanzia tarehe 1 Agosti kopo la gramu 100 litauzwa Sh 9,500. Uzito na viambato havijabadilika." Imekwisha, hamna aliyedanganywa wala aliyebembelezwa. Dada naye anaweza, ila anahitaji sentensi mbili tatu zaidi kwa sababu dada hawezi kukutamkia bei mpya afu akageuka akaondoka: "Jamani niwaambie mapema kuliko mje mkute. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa nane kopo linakuwa elfu 9 na mia tano, shea tunayonunua imepanda na kupunguza gramu kimya kimya hatutaki. Atakayelipia kabla ya tarehe hiyo anapata kwa elfu 8." MC akijaribu anasema "Bei mpyaaa mng'ao ule uleee!!" na mtu aliyekuwa anajibana kununua kopo anaona anachekwa. Hajaambiwa kwa nini, hajaambiwa lini, amepigiwa vigelegele tu.

Siku mbaya ya pili ndo ilinifanya nikae chini niandike haya yote. Yule yule wa Kyela, wiki chache baadaye, alituma picha ya kopo na maneno "mbona mafuta yenu yana mchanga?". Ukilisugua kwenye kiganja unasikia chenga chenga, kama sukari laini haijayeyuka. Mchanga haukuwepo kabisa. Siagi ya shea imeundwa na mafuta ya aina tofauti ndani yake, mengine yanaganda haraka, mengine taratibu. Ikiyeyuka, na inayeyuka kwenye joto linalokaribia la mwili wako tu, afu ikaachwa ipoe polepole, yale yanayoganda kwanza yanajikusanya yanatengeneza vipunje. Sasa fikiria kopo limetoka Uyole kwenye baridi, limepanda basi, limeteremka mpaka Kyela kule chini karibu na ziwa ambako joto ni la kweli, limekaa kwenye buti mchana kutwa likalainika lote, afu usiku likapoa lenyewe kidogo kidogo. Chenga lazima. Haidhuru ngozi, vipunje vinayeyuka ukisugua, na dawa yake ni kuliweka kopo kwenye maji ya moto mpaka liyeyuke lote, kisha unalipoza haraka kwenye friji. Lakini mteja hajui hayo, yeye anajua amelipa hela akaletewa mchanga.

Sa hivi jibu hilo, na uliposti pia, kwa sababu kama mmoja ameuliza basi kumi wamenyamaza.

Mfamasia: "Chenga kwenye siagi ya shea hutokea inapoyeyuka na kupoa polepole. Haina madhara. Weka kopo lililofungwa kwenye maji ya moto hadi liyeyuke lote, kisha weka kwenye friji dakika 30." Sahihi yote. Ila soma kama wewe ndo mteja, humo ndani hamna aliyekubali kwamba umepata usumbufu, ni kama umeambiwa tatizo ni joto la Kyela na la kwako.

Dada: "Kopo limekufikia lina chenga kama sukari? Sio mchanga, na pole kwa usumbufu. Shea ikiyeyuka njiani ikapoa taratibu inafanya hivyo, kwenye ngozi inayeyuka na haidhuru. Funga kopo vizuri, liweke kwenye maji ya moto mpaka liyeyuke lote, afu friji nusu saa. Ikigoma turudishie picha, tunabadilisha." Hapo kuna maelezo yale yale ya Mfamasia, kuna pole, na kuna njia ya kutokea.

MC? Mimi na mdogo wangu tulikaa jioni nzima tukijaribu kumwandikia MC jibu la chenga. Tukapata "Hahaha shea imechoka na safari wapendwa!!", "Chenga ndo uhalisia wetu!!" na upuuzi mwingine kama huo. Hamna namna. MC hajui kusema pole, ukimlazimisha anageuka mtu mwingine, na akigeuka mtu mwingine ndo unarudi kule kule kwenye peji ya kupangisha vyumba. Mdogo wangu, ambaye ndo alikuwa MC wetu, alikaa kimya kidogo afu akasema "basi huyu tumuache aende zake kwenye harusi".

Kwa hiyo kabla hujachagua, chukua kepsheni mbili, ya bei kupanda na ya malalamiko mabaya kuliko yote uliyowahi kupata, uziandike kwa kila sauti unayoifikiria. Inayokwama hapo iache, hata kama kwenye uzinduzi inang'aa.

Lakini isionekane Dada hana kasoro, anazo na moja ni ya hatari. Dada anapenda kuahidi. Anaanza na miguu iliyopauka, anaingia kwenye stori, na kabla hujastuka ameshaandika "hii bodi bata imemponya mwanangu pumu ya ngozi". Mimi mwenyewe niliandika sentensi ya namna hiyo, kwa nia njema kabisa, nikaifuta baada ya siku mbili. Bodi bata ni kipodozi. Kwetu Tanzania vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019, kabla ya hapo vilikuwa TFDA, ambayo baada ya mabadiliko yale ndo ikawa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba. Ukiandika "inatibu" umejitoa mwenyewe kwenye chumba cha vipodozi umeingia cha dawa bila kibali cha dawa. Afu kuna upande wa mteja, mama anaweza kuacha kumpeleka mtoto hospitali kwa sababu Dada kasema kopo linatosha. Kwa hiyo Dada wetu anaruhusiwa kusema inalainisha, inashika unyevu, inapunguza kukauka. Kutibu, kuponya, kumaliza kabisa, haruhusiwi.

Mfamasia ana mtego wake pia, anakuwa wa uongo pale ambapo mwandishi sio mfamasia. Ukivaa koti jeupe kwenye kepsheni watu watakuuliza maswali ya koti jeupe. Nina rafiki anauza seramu Iringa mjini, alianza na sauti ya maabara, ikapendeza kweli, mpaka mjamzito akamuuliza kama anaweza kuendelea na ya retinoli. Jibu sahihi ni hapana, retinoli wajawazito wanashauriwa kuiacha, ila yeye alikaa masaa hana jibu maana hayo maelezo alikuwa anayakopi kwenye boksi. Sauti ilikuwa kubwa kuliko ujuzi. Alichofanya ni kwenda kusoma kwanza, hakubadili sauti, na kwa bidhaa zake alikuwa sahihi kutoibadili.

Maana bidhaa nayo ina neno lake kwenye hili. Kama unauza vitu vyenye asidi, kama ile ya salisiliki ambayo kwa kawaida ipo kwenye asilimia 0.5 mpaka 2, au asidi za matunda zinazofanya ngozi ishikwe na jua kirahisi, mteja anahitaji namba na maonyo kwenye kila kepsheni, na Mfamasia ndo anayeweza kutoa onyo bila kuonekana anatisha watu. Dada akisema "usisahau kupaka losheni ya jua asubuhi" inapita kama ushauri tu, Mfamasia akisema inasikika kama sehemu ya matumizi. Ila kama unauza siagi, mafuta, sabuni za kipande, vitu ambavyo watu wanavipaka wakiwa wanaongea na watoto, Mfamasia anakuwa baridi bila sababu, na huku kwetu baridi ipo ya kutosha. MC mi simfukuzi moja kwa moja, kama unauza makapu ya zawadi, seti za bibi harusi, vitu vya kununuliwa mara moja kwa furaha, anafaa sana, ila ujue siku ya lawama utamkopa mtu mwingine wa kuongea.

Na kuna swali ambalo huwa sisikii likiulizwa: nani anaandika kila siku? Kama anayeandika ni wewe na kwa asili we ni mtu wa maneno machache, ukichagua Dada utaigiza wiki mbili afu utachoka. Sisi tulipochagua Dada ilikuwa kwa sababu hiyo pia, mi naongea hivyo hivyo hata dukani, sikuhitaji kuvaa kitu.

Tukachagua Dada, tukamkopea kitu kimoja kwa Mfamasia, namba. Kila kepsheni ya bidhaa iwe na gramu, bei, na inapakwa lini na kiasi gani. Kukopa kitu kimoja kunatosha. Wanaosema "sisi ni mchanganyiko wa dada na mfamasia na shangwe kidogo" wanaishia na wapangaji wale wale watatu.

Kuchagua kuliisha jioni moja. Kuifanya ikae kwenye kila kepsheni kulichukua kama miezi miwili.

Tulianza kwa kuchukua kepsheni zetu 20 za mwisho, nikazikopi kwenye WhatsApp bila picha, nikamsomea mdogo wangu kwa sauti mojamoja na yeye anasema "dada", "mfamasia", "MC". Zikatoka tisa za Dada, sita za MC, tano za Mfamasia. Kusoma kwa sauti ndo siri yenyewe, macho yanasamehe mambo ambayo sikio halisamehi. Kuna moja niliyoiona nzuri kabisa kwenye simu, nilipoisoma kwa sauti nikasikia neno "mpendwa mteja wetu wa thamani" likitoka mdomoni mwangu nikaona aibu, lini mi nimewahi kumwita mtu hivyo.

Afu tukaandika karatasi moja, nusu ukurasa, ipo ukutani pale tunapopakia. Haina maneno ya sifa, ina maamuzi tu. Tunajiita "sisi" hata kama nipo peke yangu, kwa sababu mdogo wangu naye anajibu. Msomaji tunamwambia kama mtu mmoja, "ukioga", "ngozi yako", maana kepsheni mtu anaisoma peke yake amelala, "jamani" tunaitunza kwa matangazo ya wote kama la bei. Mpenzi, kipenzi, mamii, boss, haya hatutumii. Hili lilileta ubishi kidogo kwa sababu mdogo wangu alisema ndo lugha ya mtandaoni, ila kuna mama mtu mzima wa Tukuyu ananunua makopo manne kila mwezi, na kuna madereva wa malori wanaonunua kwa ajili ya viganja vilivyopasuka, ukiwaita mamii unawaambia hapa sio penu. Inboksi ni kitu kingine, mama yule akiandika, jibu linaanza na shikamoo mama, sauti ya dada mwenye adabu inajua nani wa kumwamkia.

Alama ya mshangao ni moja tu kwa kepsheni nzima. Herufi kubwa za kupiga kelele hakuna. Bei inaandikwa, "bei inboksi" imekufa. Na kuna maneno ambayo yana mbadala wake kabisa kwenye karatasi: "ngozi mbaya" tunasema ngozi iliyopauka au iliyokauka, "kutibu" tunasema kulainisha, na "kung'arisha" tumelitoa lote. Hilo la mwisho nilieleze kidogo. Sisi tulikuwa tunamaanisha ngozi yenye afya inayometa, ila msomaji wa Tanzania akiona kung'arisha, kutakatisha, weupe, anasikia mkorogo, na anaanza kuwaza haidrokwinoni na zebaki ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi kwa sababu ya madhara yake. Tulikuwa tunapata maswali "inachubua?" kila wiki na tulikuwa hatujui tunayaita wenyewe. Sa hivi tunaandika "inaacha ngozi laini na yenye unyevu", maswali yale yamepungua sana.

Lugha za nyumbani nazo tulizipatia kanuni baada ya kuteleza. Niliwahi kuanza posti na "kamwene" nikiwalenga wateja wa Iringa, wakafurahi, nikanogewa nikaiweka kwenye posti tatu mfululizo, wa Rungwe wakaanza kuuliza ugonile yao iko wapi, kwa utani lakini utani una kitu ndani. Kanuni ikawa salamu ya kikabila inatumika tu pale posti inahusu mji ule, mfano siku tunapeleka mzigo Iringa.

Kwenye mstari wa kwanza ndo tulipoteza sana zamani. Instagram inaonyesha kama herufi 125 za mwanzo tu kabla ya kukata, japo kepsheni nzima inaruhusiwa mpaka 2,200. Sasa angalia hii yetu ya zamani: "Habari zenu wapendwa wetu wa thamani, tunatumaini mmeamka salama na mnaendelea vizuri na majukumu ya ujenzi wa taifa". Hesabu na nafasi, ni zaidi ya herufi 110, yaani dirisha lote limeisha kwa salamu na bidhaa haijafika. Dada wa kweli akikuona miguu imepasuka haanzi na ujenzi wa taifa. Tukaibadili ikawa: "Visigino vinakwaruza shuka usiku? Loweka miguu dakika 10, futa, paka bodi bata nene, vaa soksi." Tatizo na cha kufanya vyote vimeingia ndani ya dirisha, bei na mahali vinafuata chini kwa atakayebonyeza.

Stetasi ya WhatsApp tunaipa mstari huo wa kwanza peke yake na bei, basi, inapotea baada ya masaa 24 haina haja ya stori. Majibu yanayojirudia tumeyaweka kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, unaandika `/chenga` au `/bei` na jibu la Dada linatokea lilivyo. Hii ilisaidia kuliko karatasi yenyewe, maana sauti huwa inavunjikia kwenye majibu, kepsheni imeandikwa kwa utulivu afu inboksi mtu anajibiwa "elfu 9.5" kavu, hata karibu hamna.

Posti za zamani hatukuzibadili zote, ingekuwa kazi ya bure. Tulirekebisha tisa za juu, zile mtu mgeni anaziona akifungua peji, pamoja na maelezo ya juu ya peji ambayo yana herufi 150 tu. Zilizobaki zimeachwa zizeeke.

Kujua kama sauti imekaa tuna kipimo chetu. Mimi na mdogo wangu tunaandika kepsheni ya kitu kile kile bila kuonana, afu tunamtumia shangazi aliyeko Makambako aseme ipi ya nani. Mwanzoni alikuwa anapatia kila mara na alikuwa anatuambia sababu, "hii ya mdogo wako, imejaa waaa". Kila alipopatia tulikuwa tunatafuta ni neno gani limetoboa siri na linaingia kwenye karatasi. Sa hivi anabahatisha. Bado kuna siku zinateleza, hasa Ijumaa jioni na hasa tukipata oda kubwa, mdogo wangu anasahau na MC anarudi na mishangao yake minne, tunaihariri kimya kimya kabla shangazi hajaiona.

Wiki hii ilikuwa zamu ya tatizo lingine, la upande wa pili wa barabara. Mteja wa Makete analalamika kopo limeganda kama jiwe, kidole hakiingii, kule baridi ya asubuhi sio ya kuuliza. Mdogo wangu ndo aliandika: "Bodi bata imeganda na baridi ya Makete? Lishike kopo kwapani ukiwa unapasha maji ya kuoga, kwa kijiko chota kiasi cha punje ya harage, isugue kiganjani mpaka ilainike ndo upake." Nikaisoma kwa sauti mara mbili nikitafuta cha kurekebisha. Hilo la kwapani mi nisingeliandika, ila nikaliacha, ndo ushauri wa dada huo.